Ofa kali kwanza: maana ya mpangilio katika tangazo la siku ya kufungua duka

Duka jipya la vyakula likifunguliwa Dar es Salaam, utalijua kabla hujaliona. Spika mbili zimewekwa juu ya viti vya plastiki, muziki unapigwa, na kijana ameshika maiki. Maneno anayoyasema kijana huyo, kwa mpangilio aliopewa, ndiyo skripti ya promosheni. Na "ofa kali kwanza" ni kanuni ya kuyapanga: ile ofa moja inayoweza kumsimamisha mtu aliyekuwa anaenda zake inatangulia kila kitu, hata jina la duka na hata salamu.

Kanuni ni rahisi kuisema, ila wengi wanaivunja kwa adabu. Tangazo linaanza hivi: "Wakazi wa Kimanga na vitongoji vyake, uongozi wa duka unayo furaha kubwa kuwatangazia..." Mpaka uongozi umalize kufurahi, mama mwenye kikapu ameshavuka barabara.

Kosa hili lina asili yake. Washika maiki wengi wamezoea sherehe, na kwenye harusi kizuri huwekwa mwisho kwa sababu watu wamekaa, wamelishwa, hawaondoki. Barabarani hakuna aliyekaa. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida, spika ikisikika vizuri mita 20 kila upande, anabaki ndani ya sauti yako kama sekunde 30. Aliye kwenye bodaboda au daladala anapata sentensi moja, pengine nusu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye duka hulisahau: tangazo linazunguka, na mpita njia haingii mwanzoni mwa mzunguko, anaingia popote. Tuseme mzunguko wako una sekunde 70 na bei ya sukari imetajwa mara moja, mwishoni, kwa sekunde 5. Katika watu kumi wanaopita kwa miguu, watatu au wanne tu wataisikia nzima. Ufupishe uwe sekunde 20, kila mmoja wao ataisikia. Kwa hiyo "kwanza" kwenye spika ina maana mbili kwa pamoja: sentensi ya kwanza baada ya muziki kukatwa, kwa kuwa masikio hugeuka pale muziki unaponyamaza, na sentensi inayorudi haraka kabla msikilizaji hajatoka kwenye sauti.

Sasa, ofa kali ni ipi? Hapa ndipo pesa hupotea. Tuchukue duka la Tabata Kimanga, karibu na kituo cha daladala, linalofunguliwa Jumamosi. Mwenye duka ana ofa nne mkononi. Bei hizi ni za mfano. Sukari ya 3,000 kwa kilo ataiuza 2,500. Mafuta ya kula ya lita 3 yatatoka na kipande cha sabuni bure. Mafuta ya kupaka na losheni vina punguzo la asilimia 10. Na anayenunua vya 20,000 anapewa mfuko mbadala bure.

Yeye mwenyewe anaipenda ile ya losheni, kwa sababu ndiyo yenye faida na asilimia inasikika kisasa. Lakini asilimia 10 ya nini? Mpita njia hajui losheni ile inauzwaje, hivyo hawezi kujua ameokoa shilingi ngapi, na mtu hasimami barabarani kupiga hesabu. Sukari ni kitu kingine. Mwanzoni mwa 2024, ilipoadimika baada ya mvua za El Nino na bei kupanda, ilikuwa mazungumzo ya kila kibaraza. Bei ya sukari watu wanaijua kama wanavyojua nauli. Ukisema 2,500, msikilizaji anatoa hesabu mwenyewe kabla hujamwambia kwamba ni nafuu.

Kama huna uhakika, nenda gengeni siku mbili kabla, uliza wanawake kumi: kilo ya sukari sasa hivi shilingi ngapi? Na lita 3 za mafuta je? Kitu wanachokijibu papo hapo, bila "nadhani", ndicho cha kutanguliza. Mafuta yanaweza kuwa na ofa kubwa zaidi kwa shilingi, lakini si kila mtu ana pesa ya lita 3 leo. Tena wapo wanaonunua sukari kwa robo na nusu, basi nusu kilo nayo iwe na bei yake, 1,250, isije ikamkimbiza mwenye 2,000 mfukoni.

Gharama yake inahesabika. Akiwa ameinunua kwa 2,800, kila kilo inamla 300. Viroba vinne vya kilo 50 ni kilo 200, yaani hasara ya 60,000. Akiweka kikomo cha kilo mbili kwa mtu, wanaingia watu 100 au zaidi, na kila aliyechukua kilo mbili amemgharimu 600. Akitoka pia na unga, chumvi na viberiti vyenye faida inayozidi hapo, mwenye duka ameshapona. Kikomo si uchoyo: usipokiweka, wenye maduka ya jirani watatuma vijana wao wabebe kiroba kizima, na Jumatatu utaikuta sukari yako kwao kwa 3,000.

Skripti yenyewe basi inakuwa hivi:

"Sukari kilo elfu mbili mia tano! Elfu mbili mia tano, leo, duka jipya hapa kituoni. Kila mtu kilo mbili. Mafuta lita tatu, sabuni bure. Nunua vya elfu ishirini, mfuko bure. Sukari kilo elfu mbili mia tano!"

Muziki kidogo, halafu tena. Losheni imeondolewa kabisa. Itatajwa na karatasi iliyobandikwa ndani, pale foleni inaposimama, ambako mtu ana muda wa kusoma. Jina la duka limo kwenye bango, halina haja ya kula sekunde.

Kinachoharibika mara nyingi ni saa. Viroba vyote vinne vinafunguliwa saa 2 asubuhi, saa 5 vimekwisha, na spika inaendelea kuita sukari mpaka jioni. Aliyeshuka daladala kwa ajili hiyo anaondoka na hasira, na kutangaza bei ya kitu usichokuwa nacho ni kumdanganya mlaji, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya 2003 inalikataza. Afadhali viroba viwili asubuhi na viwili saa 10 jioni watu wanapotoka kazini. Katikati, kijana anasoma karatasi ya pili, ambayo mafuta na sabuni ndiyo yamepanda mbele, na sukari inatajwa kwa sentensi moja tu: "Sukari inarudi saa kumi jioni." Karatasi hiyo iandikwe usiku wa kuamkia ufunguzi, kwa sababu foleni ikishakuwa ndefu hakuna atakayekaa kuiandika.

Kujua kama mpangilio umefanya kazi, mwambie wa kaunta aangalie vikapu kuanzia mtu wa ishirini hivi. Kama karibu wote wanatoka na sukari peke yake, ofa ya kwanza imewaleta lakini ya pili haisikiki: isogeze karibu na neno la sukari, au weka sukari ndani kabisa, nyuma ya rafu za unga na mafuta. Kama mlangoni hakuna mtu na wapita njia hawageuki hata shingo, usipandishe sauti. Uliza tena bei gengeni, huenda jirani ameshashusha ya kwake.