Sumu ya kudungwa na sumu ya kula: maswali ninayoulizwa kila wiki

Dokta, nyoka ana sumu na samaki bunju naye ana sumu. Tofauti iko wapi?

Iko kwenye njia. Nyoka, nge na nyuki wanakudunga: wana tezi inayotengeneza sumu, na wana meno au mwiba wa kuipenyeza ndani ya mwili wako. Bunju na chura hawadungi mtu. Sumu imekaa kwenye miili yao, bunju hasa kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi, chura kwenye ngozi na tezi zilizovimba nyuma ya macho. Inakupata ukiwala. Kiswahili kinaita zote sumu, na hapo ndipo watu wanapokosea, wakamtibu aliyeumwa kana kwamba amekula kitu kibaya.

Aliyeumwa na nyoka si anywe maziwa yakate sumu?

Hapana. Sumu ya nyoka haiko tumboni, iko kwenye nyama na damu. Maziwa hayaifikii, na kumtapisha hakutoi hata tone. Tena sumu ya koboko hulegeza misuli ya koo. Mgonjwa anashindwa kumeza, na hayo maziwa yanaingia kwenye mapafu. Naomba mniwie radhi kwa kulirudia: hapana, asinyweshwe maziwa, mafuta wala dawa yoyote ya kunywa.

Na kufunga kamba, kuchanja, kunyonya?

Hapana kwa vyote vitatu. Nilimpokea kijana aliyeumwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu saa moja jioni. Kwao walimfunga kamba chini ya goti, wakamchanja chale tatu, wakamnywesha maziwa, wakasubiri. Alifika saa saba usiku. Kamba ilikuwa imezama kwenye ngozi mpaka huioni, mguu unang'aa kwa uvimbe, malengelenge yamejaa maji meusi, vidole baridi kama chuma. Dawa ya sumu ya nyoka tulimpa na alipona, lakini vidole viwili vilikatwa. Sumu ya kifutu huozesha nyama pale ilipoingia. Kamba inaizuia sumu hapohapo na kuunyima mguu damu, kwa hiyo mguu unaharibiwa mara mbili. Chale nazo ni hatari, kwa kuwa sumu ya baadhi ya nyoka huizuia damu kuganda. Hospitali tunapima hilo kwa kuweka damu kidogo kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuigusa. Tukiinamisha chupa na damu ikatiririka kama maji, ujue kila chale uliyomchanja itaendelea kuvuja.

Kama kamba imeshafungwa na imekaza kwa muda mrefu, mleteni nayo, tuifungue sisi dawa ikiwa mkononi.

Sasa tufanye nini tukiwa bado nyumbani?

Mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Fungeni banzi kama mtu aliyevunjika, kiungo kisitikisike, kisha mbebeni, asitembee. Akitapika alale ubavu. Nyoka mwacheni aende zake. Kumkimbiza ili mtuletee kunatuongezea mgonjwa wa pili.

Hajavimba wala hasikii maumivu makali. Tusubiri kidogo tuone?

Msisubiri. Aliyeumwa na koboko anaweza asivimbe kabisa. Mwangalieni macho: kope zinaanza kulegea kama za mtu mwenye usingizi, kisha ulimi unakuwa mzito, mate yanamtoka, halafu pumzi inakatika. Mkisubiri mpaka mwone hayo, mmeshachelewa. Mleteni akiwa anaongea. Hata akionekana mzima tutamlaza saa 24 tukimwangalia, na hilo ni bora kuliko kumleta akiwa hawezi kupumua.

Bunju akichemshwa sana, sumu si inakufa?

Haifi. Moto hauiui, na kugandisha hakuiui. Hii ndiyo imani inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu samaki anaweza kuiva vizuri na kuwa na ladha nzuri kabisa. Dalili ya kwanza ni ganzi kwenye midomo na ulimi, mara nyingi ndani ya saa moja, lakini inaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kisha mikono na miguu inaishiwa nguvu, sauti inafifia, misuli ya kupumua inasimama. Mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila mnachosema huku hawezi kuinua kidole. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Tunachofanya ni kumpumulisha kwa mashine mpaka mwili uitoe wenyewe, na akivuka saa 24 za kwanza mara nyingi anapona. Kwa hiyo midomo ikianza ganzi ondokeni palepale, msingoje miguu iishe nguvu. Njooni na wote waliokula sufuria ile, hata anayesema alionja mchuzi tu.