Je, wajua? Muuzaji wa jumla akikuomba majina, si wadhamini anaowataka

"Nimefungua hadiwea Bombolulu hapa Mombasa, haijatimiza miezi saba. Muuzaji wa jumla wa Shimanzi yuko tayari kufikiria kunipa mali nilipe baada ya siku 30, ila anataka majina matatu ya wafanyabiashara niliokwisha kununua kwao. Nikiwataja, si nitakuwa nimewatia kwenye deni langu? Na kama ana cheti changu cha usajili na taarifa ya benki, majina ya nini tena?"

Hutakuwa umewatia popote. Ukishindwa kulipa, utakayedaiwa ni wewe, na wale watatu hawatatoa hata senti. Majina yanaombwa kwa sababu wao ndio wenye habari ambayo haimo kwenye cheti wala kwenye taarifa ya benki: ukishapewa mali ya mtu mkononi, unalipa siku gani.

Hofu ya udhamini imeenea mno mjini, na inaharibu mambo kwa pande zote mbili. Mwenye duka jipya huona haya kutaja majina, na anayetajwa hukataa kupokea simu akidhani anafungwa kamba. Fikiria posa. Ikiletwa nyumbani, kabla ya jibu kutolewa mtu hutumwa kimyakimya mtaani kwao kijana, akaulize ana kazi gani, hurudi nyumbani saa ngapi, na kwao huishi vipi na watu. Jirani anayeulizwa husema alichokiona. Ndoa ikivunjika mwaka wa pili, hakuna anayemwendea jirani kumdai mahari. Na jirani aliyehamia juzi, hata akimsifu kijana kwa moyo mweupe, maneno yake hayana uzito, maana hajaona kitu.

Sheria ya Kenya nayo inavitenganisha vitu hivi viwili, tena kwa namna ya kupendeza. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwanza kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi naye au na mtu aliyemruhusu. Huo ndio udhamini. Kisha, mstari unaofuata, kinasema jambo ambalo wengi hawalijui kabisa: hata maneno ya kumsifia mtu mwenendo wake, uwezo wake au biashara yake ili apewe mkopo au mali, hayawezi kumfikisha msemaji mahakamani kama hayakuandikwa na kutiwa sahihi. Kwa hiyo mzee wa duka la rangi anayejibu kwa simu, "huyo kijana hulipa vizuri", hakuweka sahihi mahali popote. Ndiyo maana pia wafanyabiashara waliokomaa hujibu kwa mdomo kwa furaha, lakini ukiwaomba barua yenye mhuri huanza kukohoa.

Asili ya sharti hilo la pili ni kesi ya London ya mwaka 1789, Pasley dhidi ya Freeman. Freeman aliulizwa na wauzaji wa rangi nyekundu itokayo kwa wadudu kama mteja mmoja, Falch, ni mtu wa kukopeshwa. Akasema ndiyo, ilhali akijua si kweli. Mali ikatoka, pesa hazikurudi. Mahakama ikaamua kuwa Freeman awajibike kwa uongo wake ingawa yeye mwenyewe hakupata faida yoyote. Baada ya hapo watu waliokosa udhamini wa maandishi walianza kushtaki kwa mlango huo wa pili, wakidai "alituambia ni mwaminifu", mpaka Bunge la Uingereza likaufunga mwaka 1828 kwa kutaka maandishi na sahihi. Sharti hilo likaja kukaa katika sheria yetu. Kwa hiyo anayeandika barua na kutia sahihi huku akijua anadanganya hana kinga hii. Hapo pana hatari ya kweli, na ni kazi ya wakili kusema ni kubwa kiasi gani.

Sasa, anaulizwa nini huyo uliyemtaja? Kama karani wa madeni anaijua kazi yake, hamuulizi kama wewe ni mtu mzuri. Anauliza umeanza kununua kwake lini, unapewa siku ngapi, deni lako liliwahi kufika kiasi gani kwa juu kabisa, na ulipochelewa ulichelewa siku ngapi. Hayo manne yanatosha, na yote ni tarehe na tarakimu. Jibu la "ni mtu wetu, hana shida" huandikwa kwenye faili kama jibu tupu.

Tarakimu inayowakwaza wapya ni ile ya deni la juu kabisa, kwa sababu hawajapiga hesabu ya kile wanachokiomba. Tuchukue hadiwea hii ya Bombolulu. Mwenyewe hununua simiti, misumari na mabati ya shilingi 60,000 kila Jumatatu, kwa pesa taslimu. Akilini mwake anaomba mkopo wa 60,000. Lakini akipewa siku 30, Jumatatu ya kwanza atadaiwa 60,000, ya pili 120,000, ya tatu 180,000, ya nne 240,000. Jumatatu ya tano itafika siku ya 28, invoisi ya kwanza ikiwa bado siku mbili kuiva, na deni litasimama kwenye 300,000. Yaani aliyeomba siku 30 ameomba laki tatu.

Upande wa muuzaji, laki tatu si mchezo. Tuseme faida yake ni asilimia 4 ya mauzo, maana bidhaa kama simiti huuzwa kwa faida nyembamba. Mali ile ilimgharimu yeye 288,000. Ikipotea, atalazimika kuuza mali ya milioni 7.2 kwa wateja wengine ili faida yake izibe shimo hilo moja. Ukiijua hesabu hii huwezi kumwona mchoyo.

Majina matatu yaliyotolewa ni haya. Wa kwanza, muuzaji wa rangi: amempa mali tangu miezi minne iliyopita, siku 14, deni la juu 40,000, alichelewa mara moja siku mbili. Wa pili, wa mabomba: siku 7, deni la juu 25,000, hajachelewa. Wa tatu ni mwenye lori la mchanga na kokoto, ambaye hulipwa papo hapo. Huyu wa tatu anaweza kuthibitisha kuwa duka lipo na lina mzunguko, lakini kuhusu tabia ya deni hana la kusema, kwa sababu hajawahi kumdai. Wapya wengi hutaja watu wa aina hii tu, tena wale ambao hununua kwao mali nyingi zaidi, kisha wakashangaa ombi likikwama.

Karani sasa ana ushahidi wa mtu aliyebeba 40,000 vizuri, na ombi la 300,000. Hatoi laki tatu, ila akiona duka linatembea anaweza kuvuka 40,000 kidogo. Tuseme anaweka kikomo cha 120,000, na kwenye karatasi anaandika siku 30 kama ulivyoomba. Angalia kinachotokea. Jumatatu mbili zinajaza kikomo. Jumatatu ya tatu gari halipakiwi mpaka invoisi ya kwanza ilipwe, na hiyo ina siku 14 tu. Kilichoandikwa ni 30, unachotumia ni 14. Wateja hulalamika hapa kwamba wamegeukwa, kumbe kikomo na siku ni vitu viwili, na kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Afadhali kuomba wazi: "Nipe siku 14 kwa kikomo cha 120,000, baada ya miezi mitatu tutazame tena." Ombi hilo linaonyesha mtu aliyepiga hesabu, na kwa karani jambo hilo si dogo.

Udhaifu wa utaratibu huu ni wazi: hakuna anayetaja mtu aliyemkasirisha. Majina yote matatu yamechaguliwa na mwombaji, kwa hiyo sifa zao zina kasoro tangu mwanzo. Wapo pia wanaotaja binamu mwenye simu mbili. Karani mzoefu hapigi namba aliyopewa. Huitafuta ya dukani, kwenye bango au kwenye kitabu cha risiti, kisha huuliza invoisi ya mwisho ilikuwa ya lini na ya kiasi gani. Muuzaji wa kweli atafungua daftari, na binamu ataanza kusifu. Karani huuliza pia swali la pembeni: mbali na hawa, simiti ulikuwa unanunua wapi mwanzo, na kwa nini umehama? Huyo asiyetajwa ndiye ambaye huenda akapigiwa simu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiangalie tu ripoti ya wakala wa taarifa za mikopo, kama TransUnion, Metropol au Creditinfo. Huangalia, na kwa biashara ya jina la mtu mmoja ripoti ya mwenyewe ina maana kubwa, kwani kisheria yeye na duka ni kitu kimoja. Lakini ripoti hizo hujazwa zaidi na mabenki, sacco na wakopeshaji wa simu. Deni la rangi na mabomba kwa kawaida halimo. Kwa kampuni yenye dhima ya kikomo mambo hubadilika: kisheria kampuni ni mtu mbali na mwenyewe ni mtu mbali, na hapo muuzaji huweza kumwomba mkurugenzi atie sahihi ya kulipa yeye binafsi. Karatasi hiyo sasa ndiyo udhamini. Isome mara mbili, kwa sababu mara nyingine hukaa ukurasa wa mwisho wa fomu ileile ya kuomba mkopo wa mali, chini ya nafasi ya majina.

Kama huna jina hata moja la mtu anayekudai, anza na vitu vidogo ambavyo wauzaji hawaoni tabu kuvitoa kwa wiki moja: rangi, kufuli, vifaa vya umeme. Kuchukua cha 20,000 na kulipa siku ya sita, mara kadhaa, hukupatia mtu mwenye tarehe za kutaja. Na kabla ya kulitaja jina lake mwambie, maana asiyejua ataulizwa huenda akanyamaza, na kimya chake kwenye simu karani hukisoma vibaya.

Mkikubaliana, uliza siku 30 zinaanza lini. Zikihesabiwa tangu tarehe ya invoisi, mali ya tarehe 3 Mei inalipwa tarehe 2 Juni. Zikihesabiwa tangu mwisho wa mwezi, mali hiyohiyo inalipwa tarehe 30 Juni. Wapo wanaouza kwa hesabu ya kwanza na wapo wa hesabu ya pili, na fomu nyingi hazisemi.