Mudi rili si trela ya filamu ambayo haijapigwa

Wiki iliyopita nimeletewa video nyingine ya kuombea ufadhili wa filamu. Dakika tatu na sekunde kumi, droni juu ya bahari, vinanda vinapanda, jina la filamu linatokea kwa herufi za dhahabu. Ujumbe ulioambatana nayo: "Kaka, trela yangu ya kuombea hela hii hapa, nisaidie kuifupisha tu." Hii ni ya nne mwaka huu, na kuifupisha hakutasaidia. Imekosewa tangu ilipoitwa trela.

Trela humvutia mtazamaji kwenye filamu iliyokwisha. Mfadhili hanunui tiketi. Muswada ameshausoma, au amesoma muhtasari wake, kwa hiyo hadithi anaijua. Asichokijua ni filamu hiyo itakavyoonekana na kusikika ikiwa mikononi mwako, kwa sababu sentensi ileile ya muswada waongozaji kumi wataipiga kwa namna kumi. Mudi rili, video fupi ya kumwonyesha mfadhili mwonekano na hisia za filamu, ipo kwa ajili ya swali hilo moja. Unaijenga kwa klipu za filamu za wengine, picha mnato, na sauti, kwa kuwa ya kwako hujapiga hata shoti moja.

Nitaeleza kwa kazi niliyoihariri na dada mmoja mwongozaji. Filamu yake inahusu mama wa makamo wa Paje, Unguja, mkulima wa mwani. Wanaoijua pwani ile wanaijua habari yenyewe: mwani mnene, ule wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji ya kina kifupi siku hizi kwa sababu maji yamepata joto, na anayetaka kuendelea nao inabidi aufuate kwenye kina kirefu. Mama huyu hajui kuogelea. Miaka yote amefunga mbegu zake maji yakiwa yametoka, magoti mchangani. Sasa shamba limehamia mahali ambapo miguu haigusi chini.

Rili yake ya kwanza ilikuwa ya bahari ya buluu kutoka juu. Droni, droni, jua linachwa, dau linapita. Aliionyesha kwenye kikao, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Hii ni hoteli gani?" Aliniletea akiwa amevunjika moyo, akidhani tatizo ni ubora wa klipu, na kwamba akipata droni zenye mng'ao zaidi mambo yatakaa sawa.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Klipu zilikuwa nzuri mno. Kosa ni mahali kamera ilipokaa. Bahari ukiitazama kutoka mita hamsini juu ni mapambo, haiwezi kumtisha mtu. Anayeiogopa bahari anaiona ikiwa usawa wa kifua chake, upeo wa macho umefichwa na wimbi dogo tu, mwanga unamrudia machoni. Ukichagua klipu kwa kuangalia kilichomo (filamu yangu ina bahari, kwa hiyo natafuta bahari) utaangukia kwenye matangazo ya utalii. Chagua kwa kuangalia kamera iko wapi, iko karibu kiasi gani na mwili, inatulia au inayumba, mwanga unatoka upande gani. Kwa kigezo hicho klipu ya mtu anayevuka mto usiku bara lingine kabisa ilitufaa kuliko bahari yote ya Zanzibar tuliyokuwa nayo.

Tukafuta taimulaini nzima, yaani mpangilio wote wa klipu, tukaanza upya. Nikamwomba aende na rekoda ndogo kabla hatujagusa picha. Alirudi na sauti tatu: kamba ikivutwa na kukaza kwenye kigingi, akina mama wakizungumza kwa mbali huku upepo ukila maneno nusu, na mtu anayeingia kwenye maji taratibu, pumzi ikikatika kila maji yanapopanda. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa filamu. Tukailaza chini kuanzia mwanzo hadi mwisho, muziki hatukuweka kabisa, kisha tukatafuta picha za kuifuata. Ukianza na wimbo, wimbo ndio utakaokuamulia wapi ukate, na mfadhili atausisimkia wimbo usio wako ambao hutakuwa na hela ya kuulipia.

Toleo la mwisho lilikuwa sekunde 100 na shoti 23. Maji yalikuwa kwenye vifundo, kisha magoti, kisha kiuno. Mikono inafunga vifundo vya kamba, karibu kiasi cha kuona kucha zilizochakaa. Hakuna uso unaojulikana hata mmoja. Ukiweka uso wa nyota, mtu aliyeko mezani anaanza kukumbuka filamu aliyomwona, na ameshakutoka. Migongo, mikono, visogo, sura iliyogeuka nusu: hivyo vinamwachia nafasi mhusika wako.

Mambo ya mashine nayapitia haraka. Klipu za sinema nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, za televisheni yetu 25, za simu mara nyingi 30. Ukizichanganya bila kuangalia, kamera inapozunguka picha inadunda. Chagua kasi moja mapema. Funika klipu zote kwa umbo moja la picha, usiache mistari myeusi ikipanda na kushuka kila mkato. Kisha shusha rangi zote zikaribiane. Tulipooanisha rangi, shoti kutoka filamu tisa zilianza kuonekana kana kwamba zimepigwa na mtu mmoja asubuhi moja.

Kuhusu haki, mwanzoni kabisa tuliandika kwa herufi za kawaida: picha hizi ni za filamu nyingine, zimetumika kuonyesha mwelekeo tu. Faili lilikwenda kwa kiungo chenye nywila, halikuwekwa hadharani. Ukiipandisha YouTube, mfumo wa kutambua kazi za watu unaweza kuizuia usiku wa kuamkia kikao chako. Lakini nywila si ruhusa. Wenye filamu zile hatukuwaomba. Karibu wote katika kazi hii tunafanya hivyo, na sijawahi kutulia nayo moyoni. Rili ikianza kuzunguka nje ya chumba cha kikao, huna cha kujitetea.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Rili ni ahadi. Zile klipu za majini tulizotumia zilipigwa na watu wenye matangi, makasha ya kamera yasiyoingiza maji na wiki nyingi za kungoja, na bajeti ya dada yule ilikuwa na siku 18 za kupiga picha. Nilimwondolea shoti mbili nzuri kuliko zote, za chini ya maji kabisa, kwa sababu hakuwa na namna ya kuzipiga. Alinuna. Hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema. Pengine shoti zile zingemletea hela ya kuzipigia. Wapo waliopata fedha kwa kuonyesha wasichokiweza, na wapo waliokuja kuulizwa wakati wa kuhariri, "Mbona haifanani na ile uliyotuonyesha?"

Rili iliishia maji yakiwa kidevuni. Baada ya hapo skrini nyeusi kwa sekunde nne, pumzi tu. Aliniambia kwamba alipoionyesha hakuna aliyesema neno mpaka alipofunga laptopu. Kisha mama mmoja wa upande wa pili wa meza akamuuliza: "Huyo atakayeigiza, anajua kuogelea?"

Wakazungumzia hilo nusu saa: mashua ya kusindikiza, waokoaji wawili majini, na kama mwigizaji afundishwe kuogelea kwanza au apigwe picha kabla hajajua.