Ngao ya bluu kwenye picha ya profaili: inazuia nini, haizuii nini

Mama mdogo wangu anauza vitenge Tanga, na wateja wake wengi anawapata Facebook. Mwaka jana mteja mmoja alimpigia simu akilalamika kwamba ametuma malipo ya awali na mzigo haujafika. Kumbe alikuwa ameongea na akaunti nyingine kabisa, yenye jina lile lile na picha ile ile, tena profaili yake ikiwa imefungwa na alama ya ngao ya bluu inaonekana. Yule mteja akasema, "Nikaiona ile ngao, nikajua Facebook wenyewe wameshamthibitisha."

Hiyo ndiyo dhana inayoumiza watu kuliko zote. Ngao haisemi lolote kuhusu mwenye akaunti. Inasema tu kwamba kuna mtu aliyebonyeza kitufe cha kufunga, na tapeli naye ana kidole cha kubonyezea. Alama ya uthibitisho ni nyingine, ni ile tiki inayokaa pembeni ya jina. Tena kufunga kunamfaa sana tapeli: mgeni haoni machapisho yake, kwa hiyo hawezi kugundua kwamba akaunti ilifunguliwa juzi.

Wengi pia wanadhani ngao zote ni moja. Kuna ulinzi wa aina mbili, na wote ulianzia India. Wa kwanza, wa mwaka 2017, unalinda picha ya profaili peke yake: watu wengine hawawezi kuipakua, kuishea wala kuituma kwa ujumbe ndani ya Facebook, na asiye rafiki yako hawezi kumtagi mtu yeyote kwenye picha hiyo. Picha huzungushiwa mstari wa bluu na kuwekewa ngao. Wa pili, wa mwaka 2020, ndio huo wa kufunga profaili nzima. Hapo asiye rafiki haoni machapisho wala picha zako, na hawezi kuikuza wala kuipakua picha ya profaili na ile ya jalada.

Angalia hapo neno "rafiki". Watu hufunga profaili wakidhani wamejificha kwa kila mtu, kumbe kufuli hili linamzuia mgeni tu. Ukiwa na marafiki 3,000 na nusu yao huwajui, hao wote wako ndani ya uzio. Wanaifungua picha yako kwa ukubwa wake kama kawaida.

Na mgeni naye bado anakuona. Picha ikifungwa haipotei, inabaki kwenye lile duara dogo kando ya jina lako, hata unapotoa maoni kwenye kundi la wazi. Duara hilo linapigika skrinishoti. Ule ulinzi wa 2017 ulilenga kuzuia skrinishoti ya picha yenyewe pale inapowezekana, tena kwenye simu za Android, lakini hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kuinua simu ya pili na kupiga picha kioo cha ya kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama mdogo. Profaili yake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tapeli hakuweza kuifungua picha. Alichokata ni lile duara. Tulijua hivyo kwa sababu yule mteja, ambaye tapeli alikuwa amemkubali urafiki, aliifungua ile picha ya bandia tukaitazama pamoja: uso una ukungu, maua ya kitenge yamegeuka madoa, na pembe za picha zimekatwa hovyo. Ya mama mdogo, ukiifungua ukiwa rafiki, unahesabu hadi shanga za shingoni. Tukalinganisha na viungo vya akaunti zote mbili, na cha yule tapeli kilikuwa na tarakimu tupu mwishoni. Tukairipoti kwamba inajifanya mtu mwingine, na wateja kadhaa nao wakairipoti kutoka kwenye akaunti zao.

Kufunga, ingia kwenye profaili yako, bonyeza vinukta vitatu, kisha `Lock profile`. Kitufe hicho hakipo katika nchi zote, kwa hiyo usipokiona usihangaike kutafuta programu za kando zinazodai kukifungulia. Nyingi zinataka nywila yako. Badala yake fungua picha yako ya profaili, badilisha wanaoruhusiwa kuiona iwe `Only me`. Duara litabaki, ila mgeni akilibonyeza hapati picha kubwa.

Ukimaliza, mwombe jirani ambaye si rafiki yako Facebook atafute jina lako kwa akaunti yake mwenyewe, abonyeze picha. Atakachokiona yeye ndicho anachokiona kila mgeni. Picha iliyokwisha kunakiliwa kabla ya siku hiyo hairudi, hata ukifunga leo.