Ombwe halivuti kitu

Mwezi uliopita jirani yangu aliuziwa pampu ya pili kwa ajili ya kisima chake, baada ya ile ya kwanza kushindwa kupandisha maji kutoka kina cha mita 14. Fundi aliyemshauri alimweleza kwamba pampu ya kwanza ilikuwa na "ombwe dhaifu", na kwamba mashine kubwa zaidi ingetengeneza ombwe lenye nguvu, ambalo lingeyavuta maji mpaka juu. Pampu ya pili nayo ilifungwa juu ya ardhi, ikanguruma siku nzima, na tone la maji halikufika. Nimekwisha kuisikia kauli hiyo ya ombwe linalovuta mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma fizikia, na ndiyo sababu ya maelezo haya.

Ombwe ni nafasi isiyo na maada yoyote ndani yake, hata hewa. Mafundi na wanafizikia huliita ombwe pia pale ambapo hewa imepunguzwa sana, ingawa haijaisha kabisa. Baadhi ya watu husema "utupu", na si kosa, lakini neno hilo hubeba pia maana ya kuwa bila nguo, hivyo katika maandishi ya sayansi ni afadhali kubaki na ombwe.

Nomino hiyo basi haina shida. Shida iko kwenye kitenzi kinachofungwa nayo. Tukisema ombwe linavuta, linanyonya au linafyonza, tumekwisha kulipa nafasi tupu kazi ya kufanya, kana kwamba mahali pasipo na kitu pana mikono. Lugha yetu haiko peke yake katika hili, kwa sababu kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walifikiri hivyo hivyo, na waliacha kufikiri hivyo katika muda wa miaka michache tu, kati ya 1644 na 1660, kwa sababu ya neli ya kioo iliyojazwa zebaki.

Aristotle alikuwa amefundisha kwamba ombwe haliwezi kuwapo. Hoja yake moja ilikuwa kwamba kitu huenda kwa kasi zaidi kadiri kinachokizuia kinavyokuwa chepesi, kwa hiyo mahali pasipo na kizuizi chochote kasi ingekuwa haina kikomo, jambo aliloliona haliwezekani. Wasomi wa zama za kati waliendeleza fundisho hilo wakasema kwamba maumbile yanachukia ombwe, na kwamba kila linapokaribia kutokea, vitu vilivyo karibu hukimbilia kuliziba. Haikuwa imani ya kijinga. Ukiziba mdomo wa mvukuto uliofumbwa, mbao zake hazifunguki kwa urahisi. Mtoto akinyonya mrija, kinywaji kinapanda. Pampu ya kisimani ikiinuliwa pistoni yake, maji yanaifuata. Mambo yote hayo yalielezwa kwa neno moja, chuki, na neno hilo lilitosha.

Halikutosha pale pampu zilipogoma. Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, alieleza kwamba pampu ya kunyonya haipandishi maji kupita mikono 18 ya Firenze, yaani mita 10 na kidogo, hata ikitengenezwa vizuri namna gani. Yeye alidhani kwamba safu ya maji inakatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba ndefu inavyokatika ikining'inizwa. Bado nguvu aliiweka juu, ndani ya bomba: ombwe linashikilia mpaka linaposhindwa. Kikomo alikuwa amekiona, lakini sababu yake aliitafuta upande usio wake.

Evangelista Torricelli, aliyekuwa pamoja na Galileo katika miezi ya mwisho ya maisha yake, ndiye aliyeitafuta upande wa pili. Badala ya maji alitumia zebaki, ambayo ina uzito mara 13.6 wa maji ya ujazo uleule, hivyo bomba la mita 10 likageuka kuwa neli inayoshikika mkononi. Neli ya kioo yenye urefu wa zaidi ya mita moja, iliyozibwa upande mmoja, ilijazwa zebaki mpaka pomoni, mdomo wake ukazibwa kwa kidole, kisha ikapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki na kidole kikaondolewa. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama kwenye urefu wa sentimita 76 hivi kutoka usawa wa bakuli, na juu yake ikabaki nafasi ambayo hewa haikuwa na njia ya kuiingia. Ukizidisha 76 kwa 13.6 unapata kama sentimita 1,033, yaani mita 10.3 za maji, ambazo ni kikomo kilekile cha pampu.

Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Michelangelo Ricci tarehe 11 Juni 1644, Torricelli alisema kwamba tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa, na kwamba hewa hiyo ina uzito. Uzito huo unakandamiza zebaki iliyo bakulini, na zebaki inapanda ndani ya neli mpaka uzito wake ulingane na msukumo wa hewa, kama mizani inavyotulia. Pia alitengeneza neli mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye tufe kubwa la kioo kwenye ncha ya juu, akazipindua zote mbili. Kama ombwe ndilo linalovuta, ombwe kubwa la ndani ya tufe lingepaswa kuvuta zaidi na zebaki yake isimame juu zaidi. Zote mbili zilisimama sawasawa. Natamani kila anayesema "ombwe kubwa linavuta zaidi" aiangalie picha ya neli hizo mbili kabla ya kununua pampu.

Hapa pana jambo ambalo hata vitabu vingi hulipita haraka. Neli ya Torricelli iliibua maswali mawili, na watu huyachanganya kuwa moja. Swali la kwanza: ile nafasi ya juu ni tupu kweli? Swali la pili: ni nini kinachoishikilia zebaki isishuke? Mtu angeweza kukataa jibu la Torricelli kwa swali la kwanza na kulikubali la pili. Mwanafalsafa Descartes alifanya hivyo hasa: alikubali kwamba hewa ina uzito, lakini akashikilia kwamba nafasi ya juu imejaa maada laini sana inayopenya kwenye vitundu vya kioo. Majaribio yaliyofuata yalijibu swali la pili kwa uthabiti, huku la kwanza likibaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Leo tunajua kwamba mvuke kidogo wa zebaki umo katika nafasi hiyo, kwa hiyo hata waliosema si tupu kabisa hawakukosea kwa yote.

Jibu la swali la pili lilipatikana mlimani. Blaise Pascal, Mfaransa, aliona kwamba kama hewa ni bahari, basi anayepanda mlima anapungukiwa na hewa juu ya kichwa chake, na zebaki inapaswa kushuka. Chuki ya maumbile, kwa upande mwingine, haina sababu ya kupungua mlimani. Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aliyeishi Clermont karibu na mlima Puy de Dôme, afanye jaribio hilo. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alitengeneza neli mbili katika bustani ya nyumba ya watawa chini ya mlima, na zebaki ikasimama sawa katika zote, kama sentimita 71. Neli moja aliiacha pale na mtawa mmoja akaambiwa aitazame mchana kutwa. Ya pili aliipandisha yeye na wenzake kileleni, karibu mita 1,000 juu zaidi, na huko zebaki ikasimama kwenye sentimita 63 hivi. Walirudia upimaji mara tano mahali tofauti hapo kileleni, ndani ya kikanisa na nje, penye upepo na palipokingwa, na kila mara jibu likawa lilelile. Waliporudi chini, neli iliyopanda ilionyesha tena urefu wa asubuhi, na mtawa akasema kwamba ile ya kwake haikubadilika siku nzima. Neli ile iliyoachwa bustanini ndiyo iliyoondoa shaka kwamba labda hali ya hewa ndiyo iliyobadilika.

Swali la kwanza lilibaki mikononi mwa watengenezaji wa pampu za hewa. Robert Boyle, akisaidiwa na Robert Hooke, aliiweka neli ya Torricelli ndani ya chombo cha kioo na kuanza kuiondoa hewa iliyoizunguka. Zebaki ilishuka kidogo kila pampu ilipovutwa, ikakaribia usawa wa bakuli, lakini haikuufikia kabisa, kwa sababu pampu yenyewe ilikuwa inavuja. Alichapisha habari hizo mwaka 1660. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alikutumia kuvuja huko kama hoja kwamba hakuna ombwe lililoonyeshwa, na kuhusu utupu kamili alikuwa na haki ya kuuliza. Kuhusu kinachoishikilia zebaki hapakuwa na ubishi wa kweli tena: nafasi tupu ya juu ya neli ilikuwa palepale tangu mwanzo, na zebaki ikashuka pale hewa ya nje ilipopungua. Ni katika muongo huohuo ambapo Uingereza ilianza kuiita neli ya Torricelli barometa, kutoka maneno mawili ya Kigiriki, "baros", uzito, na "metron", kipimo. Jina lenyewe halitaji utupu wala mvuto, linataja uzito tu.

Ndiyo maana ningependa tuseme kwamba pampu inapunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje inayasukuma maji yapande. Mtoto mwenye mrija naye anapanua kinywa chake, na hewa iliyo juu ya glasi inafanya kazi iliyobaki. Jirani yangu anaishi kwenye mwinuko unaolingana na wa Nairobi, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na inaweza kuyasukuma maji kiasi cha mita 8 na nusu tu, na chini ya hapo ukihesabu msuguano na viungo vinavyovuja. Mita 14 hazifikiki kutoka juu kwa pampu ya kunyonya ya ukubwa wowote. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, na sasa ameagiza pampu ya kuzamishwa, ambayo itakaa chini ndani ya maji na kuyasukuma kutoka huko.