Kwa nini Atupele hakuumwa tumbo siku ile ile

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Uyole, Mbeya, na kila Ijumaa nawasimulia hadithi watoto wa chekechea. Zamani hadithi yangu ya kunawa ilikuwa fupi: mtoto anakula bila kunawa, papo hapo tumbo linamkata. Siku moja mvulana wa miaka 5 akaniambia, "Nesi, jana nilikula bila kunawa na sikuumwa."

Hakusema uongo. Vijidudu vingi vya kuhara huchukua siku 1 hadi 3 kabla tumbo halijachafuka. Mtoto akiijaribu hadithi yangu jioni, asubuhi anajua nimemdanganya. Nikaitunga upya:

Jumapili Atupele alichimba viazi na bibi yake. Njaa ikamshika. Akafuta mikono kwenye sweta, akaigeuza huku na huku. "Bibi, imetakata!" Akamega ugali mweupe, akaminya tonge. Loo! Vidole vimechora mistari myeusi. Udongo ulijificha wapi? Chini ya kucha! Lakini tonge lilikuwa limeshamezwa. Jumatatu akacheza rede. Jumanne tumbo likanguruma, akakimbilia chooni mara moja, mara mbili, mara tatu. Bibi akambeba mgongoni hadi zahanati. "Leo amekula nini?" "Uji tu, mwanangu." "Na juzi?" Atupele akaitazama mikono yake.

Hapo nanyamaza. Watoto wenyewe hupiga kelele, "Ugali! Kucha! Sweta!" Jibu la sweta nalipenda zaidi, maana linaonyesha wameelewa kwamba kufuta siyo kunawa.

Kisha tunajaribu. Watoto wawili wanajipaka tone la mafuta ya kula na vumbi la mkaa. Mmoja ananawa kwa maji matupu, mwingine kwa sabuni, halafu kila mmoja anajifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa cha maji matupu hutoka cheusi. Ngozi ina mafuta yake, na uchafu hung'ang'ania humo. Sabuni huyaachanisha mafuta na ngozi, maji yakaondoka nayo.

Kinachotuangusha huku kwetu ni baridi. Mwezi Juni maji ya asubuhi yanauma, mtoto anachovya ncha za vidole na kukimbia. Kwa hiyo nawaomba akina mama wayapashe kidogo. Uvuguvugu hauui vijidudu, kwani maji ya kuwaua yangemuunguza mtoto. Unamfanya tu avumilie kusugua sekunde 20, viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha.

Na beseni moja la familia nzima nalikataa kabisa, kwa sababu anayenawa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mdogo, ananawa uchafu wa wenzake. Mkubwa mmoja ashike jagi, amiminie. Pasipo na mkubwa, kibuyu chirizi cha dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia kinatosha, na watoto wangu hugombania kukikanyaga.