Je, wajua? Friza haiui vijidudu vyote vya barafu, vingine vinalala tu

Msomaji mmoja ameniuliza: "Mimi juisi ya miwa siachi, ila mama watoto anasema barafu yake ndiyo inayoniharisha. Sasa kama friza inagandisha mpaka samaki haozi, kijidudu kitaponaje humo?"

Samaki haozi kwa sababu bakteria wake wamesimamisha kazi, si kwa sababu wamekufa. Mtoe kwenye friza jioni, mwache mezani mpaka asubuhi, halafu umnuse.

Bakteria anahitaji maji ambayo hayajaganda ili ale na azaliane. Kwenye friza ya nyumbani, ambayo ikifanya kazi vizuri hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, maji hayo yamekuwa jiwe. Yanapoganda, chembe za barafu huwatoboa baadhi yao wakafa. Wengine huuawa na chumvi, maana maji yakiganda huisukuma pembeni na kuacha kimiminika kikali kinachowakausha. Waliobaki hutulia. Maabara za hospitali hutumia tabia hiyo makusudi: bakteria wanaotaka kuwatunza huwatia kwenye vichupa na kuwagandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na baada ya miaka wakiyeyushwa huamka na kuanza kuzaliana. Ili wasife wengi, huchanganyiwa kitu cha kuwakinga, mara nyingi gliseroli, na hata sukari hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo zile barafu za ubuyu na ukwaju za watoto, zenye sukari tele, huenda zikawa malazi mazuri zaidi kwa kijidudu kuliko barafu ya maji matupu.

Tufanye hesabu ya kubuni tu, tuone maana yake. Tuseme maji yaliyogandishwa yalikuwa na bakteria 1,000 wa kuhara damu katika kila mililita, na friza ikawaua tisa kati ya kila kumi. Ni kazi kubwa kwa friza. Lakini glasi yako ina vipande vya barafu vya gramu 100, ambavyo vikiyeyuka ni mililita 100. Kila mililita imebaki na bakteria 100, hivyo unakunywa 10,000. Bakteria wa kuhara damu, Shigela, hawahitaji jeshi: kati ya 10 na 100 wanaweza kutosha kumlaza mtu mzima. Virusi ni wagumu zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya A na vile vya norovirusi, vinavyotapisha na kuharisha, vinavumilia baridi vizuri sana, na kuvigandisha ni kama kuvihifadhi. Angalau vijidudu kama amiba na giadia huumia zaidi na baridi, lakini hilo ni faraja ndogo kwa mtu aliyekwishaanza kwenda chooni kila nusu saa.

Sasa tuifuate barafu yenyewe, maana friza si mwanzo wa safari yake.

Dar es Salaam, na miji mingi ya pwani, barafu ya muuza juisi hutoka sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni nyumba ya jirani mwenye friza, anayejaza maji kwenye mifuko ya nailoni au chupa za plastiki, anagandisha usiku, asubuhi anauza. Ya pili ni kiwanda cha barafu ya mapande. Pale maji hujazwa kwenye makopo marefu ya chuma, makopo yakazamishwa kwenye maji ya chumvi yaliyopoozwa chini ya sifuri, na baada ya saa nyingi linatoka pande zito la kubebwa begani. Mapande hayo hununuliwa sana na wavuvi na wauza samaki. Aliyekusudia kupoza samaki hana sababu ya kuuliza maji yametibiwa au la, naye muuza juisi hununua pande lilelile kwa sababu ni rahisi na halikwishi upesi juani.

Maji yenyewe yanaweza kuwa ya bomba au ya kisima. Watu huamini ya bomba, lakini maji yakikatika bomba hubaki bila msukumo, na penye ufa, maji ya mtaroni hupata mlango wa kuingia. Yakirudi, yanayotangulia ndiyo hayo. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na choo hakihitaji maelezo.

Halafu linakuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo hulaza wengi hata pale maji yalipokuwa safi: mikono ya njiani. Simama karibu na mashine ya miwa saa saba mchana uangalie. Pande limekuja kwa bodaboda, limefunikwa gunia lile ambalo jana lilibeba kitu kingine. Linawekwa chini, hata kama ni juu ya kipande cha boksi, linapasuliwa kwa nyundo au msumari wa inchi sita. Vipande vinarushwa ndani ya deli. Muuzaji anapokea noti, anarudisha chenji, mkono uleule unazama kwenye deli na kuibuka na barafu. Wengine hutumia glasi kuchotea, glasi iliyosuuzwa kwenye ndoo ambayo maji yake yameogesha glasi zote tangu asubuhi. Kufikia jioni, chini ya deli kuna maji ya baridi ambayo vipande vinaelea ndani yake, na kila aliyezamisha mkono ameacha chake humo. Hata kama mwenye friza alichemsha maji, uchemshaji ule haupo tena.

Miwa yenyewe inakamuliwa mbele yako, imeingia mashineni na limau na tangawizi, na juisi inatoka povu jipya. Ndiyo maana watu huiamini. Kitu pekee kwenye glasi ambacho hukuona kikitengenezwa ni barafu.

Limau linasaidia? Hapa jibu lina pande mbili. Bakteria wa kipindupindu huchukia ukali. Ndimu ikikolea kwenye chakula inamdhoofisha sana, na asidi ya tumbo la mtu mwenye afya huwaua wengi, ndiyo sababu mtu huhitaji kumeza bakteria hao kwa wingi mkubwa ili augue. Juisi nzito ya ukwaju ina ukali wa kumsumbua. Lakini kipande cha limau kwenye miwa ni cha ladha tu, sukari ni nyingi na ukali ni kidogo, na barafu inapoyeyuka inaupunguza zaidi. Shigela na virusi vya homa ya ini, kwa upande wao, huvumilia ukali na kupita tumboni kama abiria wenye tiketi. Pombe nayo usiitegemee. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la barafu iliyotiwa bakteria wa tumbo, wakaiyeyusha kwenye soda na kwenye pombe kali, na hakuna kinywaji kilichoisafisha barafu hiyo kabisa.

Kipindupindu kilipoingia Peru Januari 1991, uchunguzi katika mji wa Piura ulionyesha kuwa vinywaji vya wachuuzi wa barabarani vilihusika na ugonjwa, na vinywaji vyenye barafu vikatajwa pia. Dar es Salaam tunaukumbuka Agosti 2015, mlipuko ulipoanza Kinondoni na kusambaa mikoani. Juisi na vyakula vya barabarani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa marufuku.

Kwa nini basi watu wengi hawaishuku barafu? Kwa sababu ya kalenda. Kipindupindu huweza kuanza baada ya saa chache au siku mpaka tano. Homa ya matumbo, taifodi, mara nyingi huchukua wiki moja hadi tatu. Homa ya ini aina ya A huchukua wiki mbili mpaka nne au zaidi. Mtu aliyekunywa juisi stendi tarehe 3 anaanza kuumwa kichwa na homa tarehe 17, na lawama zote anampa mama ntilie wa jana. Mama watoto wako anaweza kuwa amesema kweli kuhusu kuhara kwa kesho yake, lakini barafu inayoleta taifodi haitakupa ushahidi wa haraka hivyo.

Kuitambua kwa macho haiwezekani. Ule weupe katikati ya kipande watu huudhania uchafu. Mara nyingi ni hewa: maji huanza kuganda pembeni, na hewa iliyoyeyuka humo husukumwa katikati ikanaswa kama mapovu madogo. Viwanda vingine hupuliza hewa ndani ya kopo ili maji yatembee na barafu itoke angavu kama kioo, na uangavu huo hausemi lolote kuhusu vijidudu. Barafu yenye punje za mchanga, nyuzi za gunia au harufu ya samaki umeshaihukumu, lakini iliyo safi kwa macho bado hujaijua. Maabara huchukua mililita 100 za barafu iliyoyeyushwa na kutafuta ekoli, bakteria wa kinyesi, na katika maji salama hatakiwi aonekane hata mmoja.

Ile ya vipande vya duara vyenye tundu katikati, iliyofungwa kwenye mfuko uliobandikwa jina la mtengenezaji, inatoka kwenye mashine maalumu na mara nyingi imekusudiwa kuliwa. Ina nafasi nzuri zaidi, mradi mfuko usifunguliwe na kumiminwa kwenye deli lile lile la jana.

Kutia dawa ya kutibu maji kwenye juisi yenye barafu hakusaidii: nyama za tunda na sukari huimaliza klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kugandisha. Maji yawe yamechujwa mpaka yang'ae, yakatiwa dawa kwa kipimo cha pakiti, yakaachwa nusu saa, au yakachemshwa mpaka yakatokota kwa dakika moja na kupoa ndani ya chombo chenye mfuniko.

Kuna mama mmoja wa juisi ya ukwaju ninayenunua kwake ambaye amelikwepa tatizo lote kwa njia ambayo haigharimu kitu. Anagandisha chupa za lita moja na nusu zikiwa zimefungwa vifuniko, anazipangusa, na kuzisimamisha kati ya ndoo mbili, ya juisi ndani na nyingine nje. Barafu haigusi juisi hata tone. Nilipomuuliza mbona wateja hawalalamiki kwamba glasi haina vipande, alicheka. "Kaka, wanalalamika mpaka wanywe. Ikishakuwa baridi, nani anakumbuka barafu?"